Damu chooni: dawa ya bawasiri, kipimo cha kinyesi au kolonoskopi?

Tumchukue mwanamme wa miaka 54, mkaazi wa Wete, anayeona damu kila baada ya siku chache anapokwenda haja kubwa. Mtu huyu ni wa mfano tu, na tutakwenda naye hadi mwisho. Mbele yake zipo njia nne. Anaweza kununua dawa ya bawasiri na kusubiri. Anaweza kupeleka kinyesi maabara kupimwa damu isiyoonekana kwa macho. Anaweza kutazamwa kwa kamera fupi inayoishia sehemu ya chini ya utumbo. Au anaweza kufanyiwa kolonoskopi, kamera ndefu inayopita utumbo mpana wote hadi unapoanzia karibu na kidole tumbo.

Njia hizi zinatofautiana kwa bei na kwa usumbufu, na wengi huzilinganisha kwa mizani hiyo tu. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba kila moja ina kazi yake, na iliyo nzuri kwa jirani asiye na dalili yoyote inaweza kuwa mbovu kwa huyu aliyekwisha kuona damu.

Damu ya bawasiri na damu ya saratani

Damu ya bawasiri kwa kawaida ni nyekundu inayong'aa. Hutoka mwishoni mwa haja, hudondoka au kurukia pembeni ya choo, na haikuchanganyika na kinyesi. Bawasiri za ndani haziumi. Kukiwa na maumivu makali kama ya kukatwa na wembe wakati choo kinapita, na yakabaki saa nzima baadaye, mara nyingi ni mpasuko kwenye njia ya haja, hasa kwa mtu anayepata choo kigumu.

Damu ya saratani ya utumbo mpana hutegemea uvimbe uko wapi. Ukiwa upande wa kushoto, ambako utumbo ni mwembamba na kinyesi kimekwisha kuwa kigumu, damu huja imechanganyika na kinyesi au imekipaka kwa nje, wakati mwingine pamoja na ute. Choo hubadilika: leo kimefunga, kesho kinaharisha, na mgando huwa mwembamba kuliko zamani. Uvimbe ukiwa kwenye puru, yaani kipande cha mwisho kabisa cha utumbo, mtu hubaki na hisia kwamba haja haijaisha. Anarudi msalani mara tano kwa siku na kutoa ute na damu kidogo tu.

Upande wa kulia mambo ni mengine. Pale utumbo ni mpana na kinyesi bado ni uji, kwa hiyo uvimbe unaweza kukua muda mrefu bila kuziba kitu. Damu huvuja kidogo kidogo na kupotea ndani ya kinyesi. Mgonjwa haoni chochote chooni. Anachokiona ni uchovu, pumzi kukatika akipanda ngazi, na damu kupungua. Hapa visiwani dalili hii ina mtego wake, kwa sababu safura imekuwepo Pemba kwa miaka mingi na kila mtu anajua kwamba minyoo hiyo hunyonya damu. Mtu mzima mwenye upungufu wa damu hupewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, hesabu ya damu inapanda, na jambo linaishia hapo. Dawa hizo si kosa. Kosa ni kutouliza kwa nini mwanamme wa miaka hamsini na kitu, au mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, anapoteza madini ya chuma. Mpaka sababu ipatikane, hao wawili wanahitaji utumbo wao utazamwe.

Kichocho nacho hutajwa mara kwa mara. Kichocho kinachojulikana zaidi Unguja na Pemba ni cha kibofu, na damu yake hutoka kwenye mkojo. Damu ya haja kubwa isifungiwe jalada kwa jina la kichocho bila kupimwa.

Lipo pia suala la kuona damu yenyewe. Kwenye choo cha shimo kinyesi hakionekani, na anayechamba kwa maji huiosha damu kabla ya kuiona. Mwenye shaka ajifute kwanza kwa karatasi nyeupe kabla ya kuchamba, kwa siku saba mfululizo, na aandike alichokiona: rangi, wingi, kama kuna ute, na kama damu iko juu ya kinyesi au ndani yake. Maelezo hayo ya wiki moja humfaa daktari kuliko maneno "naona damu mara moja moja". Choo cheusi ni habari nyingine. Cheusi, kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, mara nyingi ni damu iliyotoka tumboni au juu zaidi, na huhitaji hospitali siku hiyo hiyo. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma naye hupata choo cheusi au cha kijani iliyokolea, lakini hakinati kama lami na hakina harufu hiyo.

Sasa neno lenye uzito. Alama hizi zinasaidia kukadiria, haziamui. Bawasiri ni nyingi mno miongoni mwa watu wazima, kwa hiyo mtu mwenye saratani anaweza kabisa kuwa na bawasiri pia. Daktari akiziona, amepata kitu kimoja kinachoweza kutoa damu. Hajaonesha kwamba hakuna kingine juu yake.

Kidole kabla ya yote

Kabla ya kuchagua kati ya njia nne, kipo kipimo cha dakika mbili kinachoweza kufanyika kituo chochote cha afya. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta ya kulainisha, na huingiza kidole kwenye njia ya haja. Kwa kidole huhisi uvimbe wa puru ulio ndani ya sentimita saba au nane hivi, huhisi kama ni mgumu na umeshikana, na huona kama glavu imetoka na damu. Bawasiri za ndani, ajabu yake, kwa kawaida hazihisiki kwa kidole kwa kuwa ni laini. Kwa hiyo kitu kigumu kinachohisika si cha kuitwa bawasiri.

Hiki ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote, na kinachorukwa kwa haya: mgonjwa anaona haya, na daktari anamuonea haya mgonjwa. Ni haki ya mgonjwa kuomba daktari wa jinsia yake, kufunikwa shuka au kanga, na kuwa na mtu wake pembeni. Lakini aliyeandikiwa dawa ya bawasiri bila kuguswa ameandikiwa kwa kubahatisha.

Mtu wetu wa Wete alipimwa kwa kidole na hakukutwa na uvimbe. Wingi wa damu yake ulikuwa 11.2, na kwa mwanamme kiwango cha chini kinachokubalika ni 13. Chembe zake nyekundu zilikuwa ndogo kuliko kawaida, alama inayoelekeza kwenye ukosefu wa madini ya chuma.

Dawa ya bawasiri na kusubiri

Njia hii ina watu wake. Kijana wa miaka 28 mwenye choo kigumu, damu nyekundu juu ya karatasi, maumivu ya mpasuko, hana upungufu wa damu, hajapungua uzito, na hakuna ndugu yake wa karibu aliyepata saratani hii: huyu anaweza kutibiwa kwanza. Maji zaidi, mboga na matunda, dawa ya kulainisha choo, kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi mara mbili kwa siku, kisha arudi kuonwa baada ya wiki nne hadi sita. Damu ikiwa bado ipo, kusubiri kumekwisha na utumbo utazamwe. Saratani hii huwapata vijana pia, na wao huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayeifikiria.

Kwa mtu wa miaka 54 mwenye damu pungufu, njia hii haifai hata kwa wiki nne. Dawa za kupaka na za kuingiza njia ya haja hupunguza uvimbe na maumivu. Damu ya bawasiri huja na kuondoka yenyewe, na damu ya uvimbe pia huja na kuondoka, kwa hiyo kukatika kwa damu baada ya dawa hakuthibitishi chochote. Hapo ndipo miezi inapopotea: damu imekatika, mtu ameshukuru, imerudi, amenunua tyubu nyingine.

Kipimo cha damu iliyofichika

Zipo aina mbili. Ya zamani hutambua damu yoyote, hata ya ng'ombe uliyemla jana, kwa hiyo huhitaji kuacha nyama nyekundu kwa siku kadhaa na kutoa kinyesi cha siku tatu. Vitamini C kwa wingi nayo huweza kuficha jibu. Aina mpya hutambua protini ya damu ya binadamu peke yake. Haihitaji mwiko wowote wa chakula, sampuli moja inatosha, na damu ya tumboni haiivurugi sana kwa kuwa protini hiyo humeng'enywa njiani. Ukiwa na hiari, chagua mpya.

Aina hiyo mpya, ikipimwa mara moja, hunasa takriban saratani 8 kati ya 10. Kwa vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo na kutangulia saratani ni dhaifu zaidi: hata vile vikubwa, zaidi ya nusu hukikwepa, kwa sababu vingi havivuji damu kila siku. Nguvu yake iko kwenye kurudia. Mtu asiye na dalili, aliyefika miaka 45 hadi 50, akipimwa kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, kilichokosekana mwaka huu kina nafasi ya kunaswa mwakani.

Joto letu linaingia hapa. Protini ya damu huharibika sampuli ikikaa kwenye joto, na jibu likawa hakuna damu ilhali ilikuwepo. Kichupa kilichokaa mchana kutwa kwenye mfuko ndani ya daladala si cha kuaminiwa. Chukua sampuli asubuhi ya kuipeleka, iweke pahali pa ubaridi, na ifike maabara siku hiyo hiyo.

Na kwa mtu wetu? Yeye anaona damu kwa macho, kwa hiyo kipimo kinachotafuta damu iliyofichika hakimpi jambo jipya. Kikisema ipo, alikuwa anajua. Kikisema haipo, huenda siku hiyo haikuvuja, naye atarudi nyumbani na amani isiyo na msingi. Uingereza wanakitumia kipimo hiki hata kwa wenye dalili ili kuwapanga nani atangulie kwenye kamera, lakini kile ni cha kutoa namba: mikrogramu 10 au zaidi kwa gramu moja ya kinyesi na mgonjwa anasukumwa mbele haraka, na aliye chini ya hapo bado hufuatiliwa. Kijiti cha ndiyo au hapana hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Kamera fupi au kamera ndefu

Kamera fupi hufika takriban sentimita 60, yaani puru na upande wa kushoto. Maandalizi yake ni mepesi, mara nyingi dawa ya kuingiza njia ya haja asubuhi hiyo, na haihitaji usingizi. Uvimbe mwingi hukaa sehemu hiyo, kwa hiyo si kipimo cha kudharau. Pahali ambapo kamera ndefu haipatikani karibuni na damu ni nyekundu tupu, kamera fupi leo ni bora kuliko ndefu ya mwaka ujao.

Udhaifu wake ni kwamba nusu ya kulia haionekani. Kwa mwenye damu pungufu hilo ni pengo kubwa. Kamera fupi itaonesha bawasiri, kila mtu ataridhika, na chanzo halisi kitabaki mita moja juu yake.

Kolonoskopi hutumia mpira laini unaopindika, wenye unene wa kidole kimoja na urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, amevaa suruali maalumu yenye mpasuo nyuma, na hupewa dawa ya usingizi mwepesi kwenye mshipa huku kipimo cha oksijeni kikiwa kidoleni. Hewa huingizwa kuutanua utumbo, na hewa hiyo ndiyo inayoleta maumivu ya kujaa. Kwenye kona daktari huvuta nyuma, huzungusha, na muuguzi hukandamiza tumbo ili mpira usijikunje. Wakati wa kwenda ndani kazi ni kufika. Kutazama kwenyewe hufanyika wakati wa kurudi, na kurudi huko kusipungue dakika 6 hata kama hakuna kilichokutwa. Daktari hukagua nyuma ya kila mkunjo, huosha na kufyonza maji yaliyobaki.

Anachokitafuta ni vinyama, ambavyo kitaalamu huitwa polipi. Vingine vina shina kama uyoga. Vingine ni bapa, vimelala juu ya ukuta wa utumbo na kutofautiana nao kwa rangi kidogo tu, na hivi hupenda upande wa kulia. Vingi haviwi saratani kamwe. Lakini saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye kinyama, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka kama 10. Muda huo mrefu ndio unaokipa kipimo hiki thamani: kinyama kikiondolewa, saratani ambayo ingeota pale haipo tena.

Kuondoa hufanyika hapo hapo. Kinyama cha chini ya milimita 10 hunaswa kwa kitanzi chembamba cha waya na kukatwa bila umeme. Kikubwa kilicho bapa huchomwa sindano ya maji ya chumvi chini yake kwanza ili kinyanyuke mbali na ukuta, kisha kitanzi hukata kwa umeme huku kikiziba mishipa. Mgonjwa hahisi kukatwa, kwa kuwa ndani ya utumbo hakuna hisia za namna hiyo. Kipande hutiwa kwenye fomalini na kupelekwa maabara ya patholojia. Kamera fupi inaweza kukata pia, lakini ni hatari kutumia umeme ndani ya utumbo usiosafishwa wote, kwa sababu gesi zilizobaki zinaweza kuwaka.

Hata kamera ndefu hukosa vitu: takriban robo ya vinyama, wengi wao wadogo, hupita bila kuonekana. Hatari yake kubwa ni utumbo kutoboka, jambo linalotokea chini ya mara moja katika watu 1000 wanaotazamwa tu, na mara nyingi zaidi kidogo pale kinyama kikubwa kinapokatwa. Kutokwa na damu baada ya kukata huweza kuja siku hiyo au hata wiki mbili baadaye.

Picha za utumbo kwa mashine ya sitii ni mbadala kwa mtu asiyeweza kuhimili kamera. Zinahitaji kusafishwa utumbo vile vile, na kikionekana kinyama lazima kolonoskopi ifuate.

Kwa anayetoka Pemba: simu kwanza, boti baadaye

Mtu wetu alichagua kolonoskopi. Vipimo vya damu vilifanyika Pemba, na rufaa ikaandikwa kuvuka maji. Awe anaelekea Mnazi Mmoja, Muhimbili au hospitali binafsi, maswali ya kuuliza kwa simu kabla ya kukata tiketi ni matatu. Je, kamera inafanya kazi wiki hiyo? Je, wanakata vinyama au wanatazama tu? Je, vipande vinapelekwa patholojia, na majibu hutoka baada ya muda gani? Hospitali inayotazama tu ikikuta kinyama itakupeleka kwingine, na utasafisha utumbo mara ya pili, ulipe mara ya pili. Kwa kuwa damu yake ilikuwa pungufu, aliuliza na la nne: kama wanaweza siku hiyo hiyo kutazama tumbo kwa kamera ya mdomoni. Kwa mwanamme mwenye ukosefu wa madini ya chuma, pande zote mbili huhitaji kutazamwa.

Kusafisha utumbo ndiko kunakoharibu kolonoskopi nyingi. Vidonge vya madini ya chuma viachwe siku 7 kabla, maana hugeuza kinyesi kuwa cheusi na chenye kunata ukutani. Dawa za kuzuia damu kuganda, na dawa za kisukari hasa insulini, zipangwe na daktari mapema. Asiache wala kupunguza kwa kujiamulia. Siku tatu kabla, chakula kiwe chepesi: wali mweupe, samaki wa kuchemsha, mayai, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa. Vinavyokatazwa ni maharage, choroko, mahindi, kisamvu, mchicha, karanga, ufuta na matunda yenye mbegu. Mbegu moja ya pera inaweza kuziba mfereji wa kufyonzea ndani ya kamera.

Siku moja kabla ni maji maji yanayoangaza tu: chai ya rangi yenye sukari, madafu, supu ya kuku au pweza iliyochujwa hadi ikabaki maji yake. Urojo haumo, una unga na viazi. Maziwa hayamo. Chochote chekundu au cha zambarau hakimo, kwa sababu kwenye kamera kinafanana na damu. Mwenye ugonjwa wa figo asinywe madafu kwa wingi, yana potasiamu nyingi, na amueleze daktari kuhusu figo zake kabla ya kupewa dawa yoyote ya kusafishia.

Dawa inayotumika sana ni unga wa polietilini glaikoli unaochanganywa na maji hadi lita 4. Hauchochei tumbo, unapita tu na maji yake na kuosha. Hunywewa kwa mafungu mawili: lita 2 jioni, glasi moja kila dakika 10 hadi 15, na lita 2 zilizobaki alfajiri, kuanzia saa nne hadi sita kabla ya kipimo na kumaliza saa mbili kabla. Watu wengi huona bora kumaliza zote jioni ili walale. Wasifanye hivyo. Usiku kucha utumbo mwembamba huendelea kumwaga maji yenye nyongo kwenye upande wa kulia, na yakikauka pale yanatengeneza utando wa njano unaofunika vile vinyama bapa. Fungu la alfajiri ndilo linalouosha. Ikiwekwa kwenye ubaridi hunyweka vizuri zaidi, na kichefuchefu kikizidi, pumzika nusu saa kisha endelea polepole.

Utajua umekuwa safi pale kinachotoka ni maji ya njano yanayopenya mwanga, kama mkojo. Kikitoka cha kahawia chenye vipande, mwambie muuguzi kabla ya kupewa usingizi, kwani pengine utaongezewa dawa badala ya kupoteza siku.

Hesabu ya boti inatoka hapo hapo. Asivuke siku anayokunywa dawa, maana foleni ya msala wa boti haivumiliki kwa mtu wa lita 2. Mtu wetu alivuka siku mbili kabla akafikia kwa jamaa mwenye choo cha karibu. Baada ya usingizi hakuendesha chochote wala kutia saini jambo la pesa kwa saa 24, na alikuwa na mtu wa kumrudisha. Funga ya Ramadhani na dawa hii havipatani, kwa vile maji lazima yanywewe hadi saa mbili kabla. Mwenye dalili asisubiri mwezi uishe, siku atailipa baadaye.

Kilichokutwa

Kamera ilifika mwisho, na picha ya mdomo wa kidole tumbo ikapigwa kuthibitisha. Kwenye puru palikuwa na bawasiri za ndani. Sentimita 25 kutoka nje palikuwa na kinyama chenye shina cha milimita 18, juu yake kimechubuka na kinavuja. Upande wa kulia, pahali ambapo kamera fupi isingefika, palikuwa na kingine bapa cha milimita 12. Vyote viwili vilikatwa. Kamera ya mdomoni haikukuta kitu. Patholojia ilisema ni adenoma, aina inayoweza kugeuka saratani, lakini hakuna saratani ndani yake na kingo zimetoka safi. Kwa kuwa vilizidi milimita 10, kolonoskopi ya pili ilipangwa baada ya miaka 3. Kama vingekuwa vidogo viwili tu, ingekuwa baada ya miaka 7 hadi 10. Kama pasingekutwa chochote na utumbo ni safi, miaka 10. Ingekutwa saratani, kingekatwa kipande cha kupima, na sitii ingefuata kuona imefika wapi kabla ya kupanga upasuaji na dawa. Mionzi, pale inapohitajika, hupatikana Ocean Road, Dar es Salaam.

Alikaa karibu na hospitali siku chache kabla ya kupanda boti, kwa sababu kidonda cha kinyama kikubwa kinaweza kuvuja. Alielezwa mambo ya kumrudisha haraka: maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua baada ya gesi kutoka, tumbo kuwa gumu, homa, damu ya kujaa kikombe au yenye mabonge, kizunguzungu.

Ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake nao wana habari yao. Mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata saratani ya utumbo mpana huanza kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougua jamaa huyo, lipi litangulie. Kwa adenoma kubwa kama hizi, madaktari wengi hufuata hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo wamuoneshe daktari ripoti.

Ripoti ndiyo ya kuondoka nayo mkononi, isibaki hospitali peke yake. Iwe imeandikwa kama kamera ilifika mwisho wa utumbo, usafi ulikuwaje kwa kila upande, vinyama vingapi, vya milimita ngapi, vilikuwa wapi, vilikatwaje, na tarehe ya kurudi. Majibu ya patholojia yabanwe nyuma yake. Picha ya kurasa zote ibaki kwenye simu ya mgonjwa na ya mtu mmoja wa nyumbani.